Fedha Halali

Pale benki, karani wa matangazo aliitwa Kamusi, naye jina hilo lilimpendeza mno. Alikuwa mtu wa kukatiza maongezi ya chai ili amsahihishe mwenzake ngeli. Mjuaji, basi, kila ofisi ina wake.

Agizo lilipotoka benki kuu kwamba noti za zamani zinaondolewa, na kwamba mwezi ukiisha hakuna benki itakayozipokea tena, yeye ndiye aliyepewa kuandika tangazo. Dada wa dirisha la tatu, anayeshinda na wachuuzi kutwa nzima, alichungulia karatasi yake.

"Kaka, andika tu: kama una pesa za zamani, zilete. Watu wa sokoni wataelewa."

"Pesa ni ya mdomoni," Kamusi akamjibu. "Na hela ndiyo kabisa, ya kudaiana chenji. Benki huandika fedha. Umewahi kusikia Wizara ya Hela?"

Ofisi nzima ikacheka. Dada naye akacheka, akarudi dirishani kwake.

Tangazo likabandikwa mlangoni mwa benki, na nakala yake langoni mwa soko: *Wananchi wanaarifiwa kuwa fedha za toleo la awali zitakoma kuwa fedha halali ifikapo mwisho wa mwezi huu.* Lilikuwa safi, halina kosa hata la nukta. Meneja alilisifu.

Sasa, ndani ya soko hilo alikuwemo shangazi yake Kamusi, muuza vitunguu, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Vitunguu vibovu alivijua kwa kuvibinya. Miaka minne alikuwa akidunduliza ya upasuaji, noti juu ya noti, ndani ya kopo la maziwa. Hakumwambia mpwa wake. Alisema mtoto ana wanawe, asimbebeshe mzigo.

Kamusi alimpigia simu wiki mbili kabla ya siku ya mwisho. Tumpe haki yake, alipiga.

"Shangazi, umesikia lile tangazo la fedha?"

"Nimesomewa, baba. Halinihusu."

Akadhani hana akiba ndani, akashukuru, wakaongea habari za watoto.

Jumatatu ya mwezi mpya, shangazi aliingia benki akipapasa ukuta, kopo limekumbatiwa kifuani. Kamusi aliinuka mbio akamkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Nimetoka hospitali," shangazi alisema, akihema. "Keshia kazikataa hela zangu. Eti ni za zamani. Nikamwambia mwanangu yuko benki, atanibadilishia sasa hivi."

Kamusi alifungua kopo. Zilikuwa za zamani zote, zimenyooshwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Alikimbia kwa meneja, akarudi kwa dada wa dirisha la tatu, akaenda tena kwa meneja. Meneja alisikitika kwa dhati, akamwonyesha agizo: siku imepita, hata zingekuwa noti za mama yake yeye meneja, asingeweza.

"Shangazi," Kamusi alisema, amechuchumaa mbele yake, "si ulisema ulisomewa tangazo?"

"Nilisomewa, tena mara mbili. Fedha zisizo halali zinakwisha mwisho wa mwezi. Tukasema afadhali, wezi wamepatikana! Wakubwa wanazificha chini ya vitanda, acha ziwaozee. Yangu mimi ni ya jasho, baba. Hakuna hela halali kuliko hii."

"Halali ya pale si hiyo, Shangazi. Maana yake ni fedha inayokubalika kwa malipo kisheria..."

"Na hiyo fedha ni ya nani? Mimi nina fedha? Mimi nauza vitunguu." Akauliza kwa upole, kama aulizaye bei, "Aliyeandika yale maneno ni nani?"

Angeweza kusema ni wakubwa. Uongo ulimjia hadi ncha ya ulimi, akaumeza.

"Ni mimi, Shangazi."

Wateja kwenye foleni walitazama pembeni. Dada wa dirisha la tatu aliacha kugonga mihuri.

"Wewe niliyekufundisha kusema," shangazi alisema. "Haya. Niambie mimi, si wananchi. Kimetokea nini?"

Kamusi alitafuta neno la kupunguza makali. Kusitishwa. Kuondolewa katika mzunguko. Anayo mengi, maskini, na yote ni sahihi. Machozi yalimtoka mbele ya watu.

"Shangazi, hela yako imekufa."

"Yote?"

"Yote."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, akapapasa hewani mpaka akaufikia uso wake, akakuta umelowa.

"Sasa nimeelewa," alisema.