Matone ya Mkaratusi

Yiamat alimkuta binti yake Nalepo, wa miaka miwili, akikohoa huku ameshika chupa ya mafuta ya mkaratusi. Mama yake Yiamat alikuja mbio na kikombe cha maziwa.

"Mtie kidole atapike, kisha anywe haya."

Siwema, jirani yao muuguzi, akamzuia. "Hapana, bibi. Akitapika, mafuta yataingia kwenye mapafu. Msimpe kitu. Baba Nalepo, beba chupa, twende hospitali."

Kwenye bajaji mtoto akaanza kulegea. Siwema akamlaza ubavu.

"Yalikuwemo kiasi gani?"

"Nusu chupa. Kila asubuhi natia matone kwenye maji, nakunywa kwa ajili ya mafua. Huwa ananiangalia."

"Hata wewe hupaswi kuyanywa. Kwa mtoto, kijiko kimoja tu kinaweza kumletea degedege."

Hospitalini Nalepo alitetemeka mwili mzima, wauguzi wakamchoma dawa na kumwekea oksijeni. Daktari alisoma chupa, akasema hawezi kuahidi kitu.

Simu ya Yiamat ikaita. Alikuwa mkewe, aliyeko shambani kijijini Akheri, akiuliza kama mtoto amekula.

"Njoo hospitali," Yiamat akasema. "Amekunywa mafuta yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."