Moja ya Kamera

Anwari alikuwa mpiga picha wa harusi pale Mwanjelwa, Mbeya, na watu walimsifia mpaka akajisifia mwenyewe, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kikundi cha wazalishaji wa mbegu za mpunga cha Ubaruku kilimwita awatengenezee filamu fupi. Walitaka, siku ya wakulima, wageni waone mbegu yao ikichipua na kukua, siku ishirini zikipita kwa dakika mbili.

Hesabu yake ilikuwa safi, tusimnyime haki yake. Picha moja kila dakika kumi, usiku na mchana, ni picha mia moja arobaini na nne kwa siku. Zikichezwa ishirini na nne kwa sekunde, kila siku inakuwa sekunde sita. Angeweka kila saa moja, mmea ungeruka kama chura. Angeweka kila dakika moja, angejaza kadi bure.

Beseni la mpunga aliliweka ndani ya stoo ya kikundi. Madirisha aliyaziba kwa nailoni nyeusi, maana jua na mawingu hubadilisha mwanga kila dakika na filamu hupepesa. Juu ya beseni akaning'iniza balbu moja ya njano. Mwanga, rangi na fokasi, vyote alivifunga kwa mkono ili kamera isijiamulie yenyewe. Hata tundu la lenzi aliliacha wazi kabisa, kwa sababu likiwa linajifunga na kujifungua kila picha, halirudi palepale.

Mtunza ufunguo wa stoo alikuwa Nyamizi, ambaye wote walimwita Mama Regina. Familia yake ilihamia bonde hili la Usangu na ng'ombe zamani, kutoka Shinyanga, na mpaka leo kuna watu hapo Ubaruku ambao kitu kikipotea humtazama yeye kwanza. Kwa hiyo ufunguo ule kwake haukuwa chuma tu. Ulikuwa unasema mbele ya kila mtu kwamba ameaminiwa. Kila asubuhi saa moja alimwagilia beseni, na Anwari alimfundisha namna: asikie kamera ikilia kwanza, ndipo aingie, amwagilie, atoke na kufunga mlango kabla haijalia tena.

Siku ile ya kwanza Mama Regina aliitazama balbu, akamwambia kwamba msimu huu wa mavuno foleni ni ndefu na mashine kubwa ya Marcelino, jirani yao, huwashwa usiku wa manane kukoboa mpunga. Ikianza kuzunguka, taa za nyumba hizi zote zinafifia. Anwari akacheka. Akamjibu kwamba hiyo ni kazi ya kamera, mama, wewe shughulika na maji. Alisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo ilimuuma yeye mwenyewe baadaye kuliko kama angemtukana.

Siku ishirini zikaisha. Anwari akaunganisha picha asubuhi, na mchana kikundi kizima kikakaa mbele ya runinga ya ofisini. Chipukizi likatoka, likajinyoosha, watu wakashangilia. Mara filamu ikafifia, ikapepesa karibu sekunde nzima, ikatulia. Sekunde tano mbele ikapepesa tena. Ikawa hivyo karibu kila siku ya mmea, mpaka mzee mmoja akafumba macho na kusema kichwa kinamuuma.

Mwenyekiti, Asukile, akauliza kwa upole nini kimetokea. Watu wote wakamgeukia Anwari. Akafungua orodha ya picha harakaharaka, akakuta ya kwanza iliyofifia imeandikwa 01:10. Mtu huyu husoma saa za kamera kila siku ya Mungu, lakini siku hiyo alikuwa anatafuta wa kumbebesha, na macho yake yalipokuta moja, akili ikapokea moja.

"Saa moja na dakika kumi," akasema. "Mama Regina anasimama mbele ya taa wakati kamera inapiga. Nilimweleza, lakini hawa wenzetu wa ng'ombe, mlango ukiwa wazi wanaingia tu."

Wawili watatu wakacheka. Asukile alipomwomba Mama Regina ufunguo, aliufungua kwenye pindo la khanga, akauweka mezani na kurudi kukaa.

Kesho yake asubuhi Anwari alikuwa stoo akikusanya vitu vyake. Mama Regina akaja kurudisha ndoo ya kumwagilia. Hakusalimia kwa kirefu. Aliomba aonyeshwe hiyo picha ya saa moja, na Anwari, akiwa na haraka ya kuondoka, akaiwasha kwenye kioo cha kamera. Mama Regina akatoa simu yake ndogo ya tochi, akaiweka kando ya kamera.

"Simu yangu sasa hivi inaandika ngapi?"

"Saba na dakika tano."

"Na saa ngapi sasa?"

"Saa moja na dakika tano."

"Basi saa moja yangu mimi ni saba ya simu. Hii yako imeandika moja. Moja ya kamera ni saa saba usiku, Anwari. Saa saba usiku mimi nimelala kwangu. Aliyekuwa macho ni Marcelino na mashine yake."

Akachukua simu, akatoka.

Anwari akarudi kwenye kamera. Akafungua picha za saa saba usiku za siku zote, moja baada ya nyingine. Zilianza kufifia baada ya saa saba, zikarudi sawa ikikaribia saa kumi, usiku baada ya usiku. Ndani ya saa hizo nyingine zilififia zaidi, nyingine kidogo, kulingana na mashine ilivyolemewa. Halafu akatafuta za asubuhi, saba ya kamera. Zote zilikuwa safi. Siku ishirini mama yule alisubiri mlio, akaingia, akamwagilia, akatoka, na hata kivuli cha kidole chake hakikuwa kwenye picha yoyote.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kosa la umeme angeweza kulimeza. Lakini kuambiwa mapema, kucheka, kisha kumtia doa mtu mbele ya watu kwa jambo alilomwonya, hapo alijiona mdogo kabisa. Na shetani hakumwacha: akamnong'oneza kwamba gari lipo, orodha ya picha anayo peke yake, na nani huku atamuuliza. Alishika begi lake kweli, nisimsitiri. Alifika hadi mlangoni.

Akaliweka chini. Akaenda kwa Asukile, akamwomba awaite watu walewale, wote, hasa waliocheka.

Walipokaa, alisema akiwa amesimama. Alisema saa aliisoma vibaya. Alisema balbu aliichomeka kwenye umeme wa gridi wakati ilitakiwa betri, na kwamba Mama Regina alimwonya siku ya kwanza. Angerudia filamu yote kwa gharama yake, siku ya wakulima ilikuwa bado mwezi mzima. Kisha ikabaki ile sentensi nyingine, na hiyo ilikataa kutoka.

"Na lile neno la ng'ombe nililisema mimi. Mama Regina, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Asukile akausukuma ufunguo mezani kuelekea kwa Anwari, ampe mwenyewe. Anwari akauchukua kwa mikono miwili na kuupeleka, akiwa ameinamisha kichwa.

Mama Regina hakunyoosha mkono.

"Usinipe mkononi," akasema. "Niliufungua mbele ya watu. Nifungie pale ulipokuwa, nao waone."

Akamsogezea pindo la khanga. Anwari akapiga magoti sakafuni, akaanza kufunga fundo. Ufunguo ukaanguka, akauokota, ukaanguka tena. Kikundi kizima kilitazama, na Mama Regina alishikilia pindo lake, akimsubiri amalize.