Hisa Mbili za Cecilia

Kikoba cha Kinole kina desturi moja: ripoti ya mwezi ikianza kusomwa, mlango unakomewa, na aliyetajwa anajibu "Ni kweli" kabla ya mwingine kutajwa. Ukitaka kwenda haja, faini elfu moja. Siku hiyo Cecilia, katibu, angeilipa hata mara kumi, ila akitoka, nani asome?

"Hisa za mwezi huu, themanini na sita, shilingi laki nne na thelathini elfu," alisoma. "Marejesho ya mikopo, laki sita na sitini." Wahesabu fedha wakaitikia, zimo sandukuni. "Mdaiwa sugu, mmoja."

Mdaiwa alikuwa Bibi Rosa, mama mkwe wake. Mdhamini wa mdaiwa alikuwa Cecilia mwenyewe.

"Bibi Rosa. Mkopo laki tatu na riba thelathini elfu. Alirejesha laki na kumi mwezi wa kwanza. Miezi miwili hajarejesha. Salio, laki mbili na ishirini."

"Si kweli!" Bibi Rosa akainuka. "Nililipa zote. Nilimpa Dominiko! Mume wa katibu si sawasawa na sanduku?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, Mama Raya, akapiga meza.

"Bibi, sanduku lina kufuli tatu. Mwanao ana ngapi?"

Macho yote yakamgeukia Cecilia. Alijua pesa zilipo: Dominiko alizigeuza simu mpya, kisha akamwapisha mkewe asimwambie mtu, akiahidi kulipa kabla ya kikao. Aseme, amvue nguo mume mbele ya mamaye? Aandike "amelipa", na wahesabu wamekaa palepale wakihesabu noti?

"Katibu, ulipokea?"

"Sikupokea," alisema Cecilia. "Fedha inapokelewa hapa tu."

"Basi katiba ifuatwe. Hisa za mdaiwa kwanza, kisha za mdhamini."

Bibi Rosa alikuwa na hisa ishirini za elfu tano tano: laki moja ikaondoka. Ikabaki laki na ishirini. Cecilia akashika kalamu na kujikata mwenyewe hisa ishirini na nne. Zikabaki mbili. Na zilizokatwa ndizo za mabati! Desemba wakigawana angeezeka upya, amalize kutega masufuria mvua ikinyesha.

"Bibi, ni kweli?"

"Haya, ni kweli. Katibu wenu kaolewa na mwanangu, mimi nitabisha vipi?"

Makofi matatu, ripoti ikapita. Bibi Rosa alipiga kwa nguvu kuliko wote, kisha akamwinamia mkwewe: "Usimgombeze, mwanangu. Mwanamume ana aibu."

Komeo likafunguliwa. Nje, manyunyu yalikuwa yameanza, na Dominiko alikuwa amewafuata, kakinga simu yake kifuani isilowe.

"Tuwahini jamani," alisema. "Mvua hii, kwetu kunavuja."