Tiketi Aliyoibandika Wilkista

Mtoto akikuita ukamtazame, ringa. Ni haki yako. Wilkista, muuza mboga wa soko la Kitale, aliringa mpaka akapitiliza. Mwanawe Levi, kipa aliyekaa benchi miaka nenda miaka rudi, angesimama golini kwa mara ya kwanza kesho yake huko Bungoma, na alikuwa amemtumia mamake picha ya tiketi. Tiketi yenyewe ilikuwa Kiingereza kitupu. Wilkista akaibandika Facebook, kwenye ukurasa wa watu wa Kitale, akaomba mwenye kujua amfasirie. Tusidanganyane: alitaka pia waione.

Jioni Chemutai, mkalimani wa mahakama na mteja wake wa mboga, akaiona. Hakuandika, alipiga simu.

"Mama, toa hiyo picha kwanza, ndio nikusomee."

Wilkista akaitoa. Chemutai akamfasiria taratibu. G3 ni geti la tatu, BLK B ni sehemu ya jukwaa, R1 ni safu ya mbele kabisa, S9 ni kiti cha tisa. Geti linafunguliwa saa nne asubuhi, si saa kumi kama alivyodhani alipoiona ile 10:00. Mechi ni saa tisa. Chupa, mwavuli na chakula cha kutoka nje haviingii, na ukishatoka huruhusiwi kurudi. Wilkista aliguna. Yeye alikuwa amepanga kubeba kuku, maana mtu haendi kumwona mtoto mikono mitupu.

Lakini mstari wa mwisho ndio uliomkata maini. Ule mraba wa vidoa vyeusi pembeni, mashine ya getini huusoma mara moja tu. Atakayetangulia nao ndiye mwenye kiti, na atakayefuata hurudishwa. Picha ilikuwa imeshinda Facebook mchana kutwa, na yeyote angeweza kuichukua. Levi alipopigiwa simu na kuulizwa, bila kuambiwa sababu, alisema tiketi za bure za wachezaji hazibadilishwi.

"Sasa nitafanya aje?" Wilkista alimuuliza Chemutai.

"Si uwe wa kwanza getini, mama."

Asubuhi yake alifika Bungoma geti likiwa bado limefungwa. Lilipofunguliwa akanyoosha simu, na mashine ikalia. Mlinzi akamwonyesha njia. Muda mfupi baadaye alisikia mzozo pale getini: kijana mmoja alikuwa na tiketi hiyo hiyo, akirudishwa. Wilkista akakaa kwenye kiti chake, njaa ikimuuma na jua likimchoma, akijionea haya kwa maringo yake.

Mchana wachezaji wakatoka kukagua uwanja. Viti vingine vyote vilikuwa bado vitupu. Levi alitembea hadi golini, akainua macho, akamwona. Akaja mpaka kwenye uzio.

"Nilikuwa naogopa, mama," alisema. "Nilijua kwa umati sitakuona."

Wilkista alitaka kumweleza habari ya ile picha, akashindwa. Alisimama tu, peke yake jukwaa zima, akampungia mwanawe mkono.