Nondo za Paa la Mzee Rrapo

"Nguzo sita, binti. Panda juu ukahesabu mwenyewe."

"Nimeona nondo, mzee. Nguzo bado sija—"

"Kwani nondo huota hewani?"

"—na ndiyo maana nataka kuchimbua ukuta."

"Uchimbue uone nini, utumbo wa nyumba yangu?"

Mimi nilisimama kati ya Mzee Rrapo na Mhandisi Mirjeta, na patasi na nyundo, nikingoja mshindi. Mirjeta husaini ripoti, mimi huchimba na kugonga. Uhandisi niliuacha mwaka wa tatu chuoni, sasa nina miaka arobaini na moja, na bado mama huwaambia majirani kwamba niko likizo.

Aliyetuita ni Petriti, mwana wa pekee wa mzee, aliyeko Ujerumani. Alisema kwenye simu: kama nyumba inabeba ghorofa ya pili, Agosti nakuja na mafundi. Mzee Rrapo alikuwa ameshatusimulia maneno hayo mara tatu kabla kahawa haijachemka.

"Chimbua basi," akasema mwishowe. "Ila mkikuta chuma, mtaniomba radhi mbele ya majirani."

Nilianza na shimo nje ya kona, kuutafuta msingi. Hapa tambarare ya Myzeqe udongo ni laini kama jibini. Msingi ulikuwa mawe yaliyofungwa kwa chokaa, upana nusu mita, kina hakifiki hata mita. Chini yake maji yakaanza kuchuruzika shimoni.

"Unaubeba ukuta na slabu ya paa iliyopo," Mirjeta akasema. "Ongeza ghorofa, utadidimia, tena upande mmoja kuliko mwingine. Na ardhi ikitikisika, sisemi."

"Msingi mtauongeza," mzee akasema. "Nguzo ndiyo mpango."

Nikapanda paani. Kwenye kila kona, na katikati ya kuta mbili ndefu, nondo nne zilichomoza zikisubiri ghorofa, kama ilivyo kwa kila nyumba hapa kijijini. Kwenye mojawapo alining'inia dubu wa kitambaa wa kuzuia kijicho. Nikamvisha kofia yangu ya kazi, nikaita chini kwamba mkaguzi mkuu amefika. Hakuna aliyecheka.

Mirjeta akapitisha mashine ya kusaka chuma ukutani, kuanzia juu. Ililia kwa kimo cha mkono mmoja, halafu ikanyamaza. Akarudia. Ikanyamaza palepale.

Nikachimbua chini ya hapo. Nguzo ya kweli ingenionyesha zege, nondo za wima, na ringi za chuma zikizikumbatia. Mimi nilikuta tofali jeupe juu ya tofali jeupe. Sehemu zote sita, hadithi ile ile.

"Mzee," nikasema, "hizi nondo ziliingiaje?"

Aliingia ndani, nasi tukamfuata, maana kuta za ndani nazo zilitaka kupimwa. Vyumba vinne. Kitanda kimoja tu kilitandikwa, chumbani kwake. Vyumba vingine vitatu vilikuwa na magodoro yaliyofunikwa nailoni, na hewa ya vyumba visivyofunguliwa. Nilijikuta natembea polepole, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Nilitoboa mwenyewe," akasema nyuma yetu. "Mwaka alioondoka Petriti. Nilitoboa slabu, nikazichomeka, nikamimina saruji. Paa langu ndilo pekee lililokuwa na upara. Watu walipita wakitazama juu. Paa lisilo na nondo, maana yake huna unayemngojea."

Mirjeta akafunga daftari. Huwa hafungi kabla ya kumaliza.

"Kuna njia," akasema taratibu. "Nguzo mpya nje, kila moja na msingi wake, zibebe ghorofa bila kuigusa nyumba hii. Lakini ni kama kujenga upya, na udongo lazima upimwe kwanza."

"Petriti alisema kama inabeba. Hakusema kujenga upya."

"Basi ripoti itasema haibebi. Na hizo nondo zikatwe, matundu yazibwe. Zinaingiza maji ukutani."

"Zikate," akasema mzee, na akaanza kutumiminia raki, pombe kali ya kwao, kana kwamba tumemletea habari za harusi. Nusu ikaenda mezani. Nilitafuta mzaha. Huwa sikosi.

Simu ya Mirjeta ikalia. Akatuonyesha kioo: Petriti.

Mzee Rrapo akaufunika mkono wa Mirjeta kwa wake, kabla Mirjeta hajapokea.

"Binti, kwenye karatasi andika ukweli wako. Ila yeye mwambie kwanza mimi nimekataa. Mwambie, 'Baba yako kasema ghorofa haijengwi, na wewe huna lako hapa.'"

"Mzee, kwa nini nimwambie hivyo?"

"Akisikia nyumba haiwezi, atashukuru na kukata simu. Akisikia nimekataa mimi, atakuja tugombane."