Barafu Nyekundu

Hezroni aliposhusha friza kutoka kwenye treni ya Tanga, watu wa Same walimshangilia kana kwamba amemshusha mkwe. Sanduku jeupe, refu kama jeneza la mtu mnene, lilibebwa na vijana wanane mpaka dukani, na nyuma ya duka mtambo wa dizeli ukaanza kukohoa. Mwaka ule wa hamsini na nane hapakuwa na Mpare mwingine mwenye duka la namna hiyo katika njia nzima ya reli. Wazee walisema sasa hata sisi tumefika. Walifika wapi, hawakusema.

Eliufoo alishangilia pamoja nao, maana Hezroni alikuwa shemeji yake, mume wa Dorkasi, dada yake wa pekee. Zaidi ya hapo, Eliufoo alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali, pale juu ya stesheni, na alichoka kukimbiza kuku wa kijiji cha Kisiwani wenye miguu ya mkimbiaji wa riadha kila treni ilipoleta mgeni wa ghafla. Kuku wa Nairobi waliogandishwa, laini, wameshanyonyolewa, wamefungwa karatasi ya nta: huo ulikuwa ufalme wa mbinguni wenye tarehe ya kuwasili.

Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya, naye aliufurahia ufalme huo. Akasema nyumba ya wageni itanunua nyama yote kwa Hezroni mwaka mzima, kwa mkataba, ila kwanza mpishi aende akaikague. "Wewe ulifanya kazi ya nyama Mombasa," alimwambia Eliufoo. "Neno lako ndilo nitakaloliandika."

Na kweli. Wakati wa vita Eliufoo alikaa miaka minne katika bohari ya baridi bandarini, akivaa makoti mawili mchana wa Mombasa, na watu wakimdhania kichaa. Alijua nyama iliyoganda kama mchungaji anavyojua waumini wanaokuja Krismasi tu.

Kasoro ilikuwa moja. Wiki mbili kabla ya ukaguzi mtambo wa Hezroni ulikufa. Kipuri kilitoka Tanga, kikachukua siku mbili na usiku wake, katika joto la Januari ambalo huko tambarare linamfanya mbuzi atafute kivuli cha mbuzi mwenzake. Friza iliyojaa na kufungwa ingevumilia muda huo bila shida kubwa. Lakini ya Hezroni ilikuwa nusu tupu, na Hezroni hakuifunga. Watu waliteremka kutoka Mhezi na Vudee kuja kuona baridi ndani ya sanduku, na yeye, mtu mkarimu, alikuwa akifunua kifuniko kwa kila ukoo. Watoto wakaingiza mikono. Mwinjilisti akaingiza uso. Hata mtambo ulipokufa hakuacha.

"Baridi haiishi upesi hivyo, jamani," alisema siku ile. "Kwani Mhezi baridi inaisha ukifungua mlango?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la mtu wa mlimani. Aliyezaliwa kwenye ukungu huona baridi kama mali ya asili, kama mawe. Hajui kwamba tambarare baridi ni mgeni, na ukimwachia mlango wazi anaondoka.

Eliufoo hakuwapo siku zile mbili; alikuwa safarini na Bwana Shauri. Hayo aliyasikia baadaye, vipandevipande. Siku ya ukaguzi aliingia dukani akiwa na kisu kidogo na moyo mweupe.

Mle frizani mlikuwa na kuku ishirini. Alipomshika wa kwanza, watatu walipanda pamoja naye, wameshikana kama waliokuwa wakiogopa kutenganishwa. Kuku waliofika wameganda mmoja mmoja hawashikani hivyo, ila wakiloa kwanza, kisha wakaganda tena. Akawatenganisha kwa kisu. Karatasi ya nta ilikuwa na madoa ya damu, na wino wa muhuri wa Nairobi ulikuwa umetiririka mpaka ukafanana na ramani ya mto.

"Vipi?" Hezroni aliuliza, mikono nyuma.

"Subiri."

Alimgeuza kuku mmoja. Alikuwa amelala chali, kama walivyopangwa wote. Lakini barafu nyekundu haikuwa mgongoni. Ilikuwa kidarini, upande wa juu, bapa kama uso wa maji ndani ya bakuli. Damu haipandi mlima. Kuku yule aliyeyuka akiwa amelala kifudifudi, maji yake yakatuama kidarini, akagandishwa tena, na mtu akaja kumgeuza ili apendeze. Mwingine ubavu wake ulikuwa na alama za waya wa kikapu cha friza; nyama ngumu haipokei alama, iliyolegea ndiyo hupokea. Eliufoo aliona pia mabaka meupe yaliyokauka mapajani, lakini hayo hakuyahesabu. Kuku aliyefungwa vibaya au kukaa sana hupata mabaka hata kama baridi haikukatika. Alikuwa mtu wa haki, ndiyo balaa yake.

"Shemeji," alisema polepole, "hawa waliyeyuka."

"Kidogo."

"Wameyeyuka kabisa. Na sijui walikaa na joto saa ngapi, na wewe pia hujui. Huo ndio ubaya wake. Kuganda tena hakufuti kitu, kunakificha tu."

"Wananuka?"

"Kilichoganda hakinuki."

Hezroni alicheka, cheko la mtu aliyekalia mwiba mbele ya wageni. "Basi hata pua yako haina ushahidi. Una barafu tu. Unataka kuniua kwa barafu?"

"Watupe hawa ishirini, uagize wengine. Nitamwambia bwana asubiri mwezi mmoja."

"Asubiri, halafu ampe nani? Unadhani hakuna wanaosubiri Mpare akosee?"

Eliufoo alirudi, akamwambia Bwana Shauri alichokiona. Jioni hiyo hiyo Same nzima ilijua kwamba mpishi amemchongea shemeji yake kwa Mzungu. Kwenye ibada benchi lake likawa na nafasi ya kutosha kulaza ng'ombe. Koleta, muuza maziwa, ambaye hakuwahi kuona friza imefunguka, alimwambia usoni: "Wivu wako baba, ungeuweka frizani ungekaa miaka."

Dorkasi alituma mwaliko. Jumapili baada ya ibada Bwana Shauri, stesheni masta, makarani na kaka yake waje nyumbani kwake wale kuku wa frizani. Yeye mwenyewe atakula wa kwanza, mbele ya wote, na wakitaka wahesabu siku waone kama ataugua.

Wakaja. Meza iliwekwa barazani, kitambaa cha harusi juu yake. Dorkasi alitoka jikoni na sinia, wali chini, kuku juu, mchuzi unang'aa. Akakaa, jambo ambalo mwanamke wa pale hakulifanya mbele ya wageni wa serikali, akachukua paja, akala akimtazama kaka yake machoni. Akala mpaka mfupa. Kisha stesheni masta akala, na makarani hawakuhitaji mfano wa tatu.

Eliufoo alipewa kidari. Alikila, maana kukataa kungekuwa ni kusimama kortini. Alipotafuna kipande cha kwanza meno yake yalishangaa kabla yake. Akakisokota ulimini. Nyama ilimpinga.

Akatazama mfupa. Kuku wa Nairobi huchinjwa wadogo. Ncha ya kidari chao hupinda kama sikio. Hii haikupinda. Ilikuwa mfupa mtupu, mgumu, umekomaa. Akanyoosha mkono akachukua mfupa wa paja kwenye sahani ya dada yake, kama mtu anayesaidia kukusanya vyombo. Kuku mdogo akigandishwa, damu ya ndani ya mfupa hutoka nje, na akipikwa, nyama ya kwenye kiungo huwa nyeusi kama iliyopigwa. Mombasa waliona hivyo kila siku. Mfupa huu ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto.

Akautia mfukoni, akaenda jikoni.

Dorkasi alikuwa ameshatangulia, anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Huyu jogoo ametoka wapi?"

"Kaka, rudi ukakae na wenzako."

"Dorkasi."

"Vudee," alisema, bila kugeuka. "Mama aliteremka naye jana kikapuni. Wawili. Tumewachemsha tangu alfajiri na bado wamekushinda meno."

"Na mama anajua?"

"Mama ndiye aliyewachinja."

Eliufoo aliegemea mlango. Nje stesheni masta alikuwa akisimulia kitu na watu wanacheka.

"Wale ishirini wako wapi?"

"Wako palepale." Sufuria ikanyamaza. "Zile siku mbili nilideki mimi, kaka. Maji yalitoka chini ya friza mekundu, nikakamua tambara ndoo tatu. Kwa hiyo usinieleze kuhusu barafu. Najua kuliko wewe. Ungesema ukweli kidogo tu ungetosha, ukasema wote."

"Watu watakula wale."

"Basi nenda ukaseme. Mfupa unao, nimekuona ukiuiba. Waambie dada yako ni mwongo, na mama yako amemsaidia, siku ya Bwana. Mimi nitakuja nisimame pale, sitakana."

Alirudi barazani. Mfupa ulikuwa na joto bado, aliusikia pajani. Bwana Shauri alikuwa akijipangusa vidole, amefurahi, mtu aliyekula vizuri.

"Basi, mpishi. Una neno?"

Dorkasi alitokea mlangoni na sufuria mkononi. Nyuma yake, kizani, Eliufoo aliona upande wa khanga ya mama yake.

"Sina, bwana," alisema.

Dorkasi hakuugua, bila shaka. Jogoo wa Vudee hajawahi kumuumiza mtu ila meno. Siku ya nne mkataba ulitiwa sahihi, na kuku ishirini wakapandishwa kilima kwa mkokoteni, mpaka jikoni kwa Eliufoo.

Hapo ndipo adhabu yake ilipoanza, na alijihukumu mwenyewe. Wale walionuka walipolegea aliwazika nyuma ya choo, akanunua jogoo kwa mshahara wake ili hesabu ya sahani itimie. Wale wasionuka hakuwaamini pia. Aliwachemsha mpaka wakaachana na mifupa, kisha akawakaanga, kisha akawaoka, ili asiwe na deni kwa moto. Shehena iliyofuata ilikuwa nzuri, lakini mtambo ulikufa tena mwezi wa Machi, na hakuna aliyemwambia; aliuona mwenyewe kwenye barafu. Akawa anawatendea wote sawasawa. Hakuna mgeni aliyeugua. Mgeni mmoja aliandika katika kitabu cha wageni kwamba amekula kamba ya katani. Mwingine aliuliza kama mpishi ni fundi viatu.

Mpishi aliyesifiwa kutoka Korogwe hadi Moshi akageuka kichekesho cha reli. Mwezi wa Juni akapewa barua. Haikutaja friza wala barafu. Ilisema anaachishwa kazi kwa kuharibu nyama nzuri.

Alipopita dukani na sanduku lake la nguo, Hezroni alikuwa amefunua kifuniko, anawaonyesha watu wa Chome baridi. Dorkasi alisimama kando yake, tambara mkononi. Alimwona kaka yake, akainamisha macho chini, sakafuni, palipokuwa na unyevunyevu.