Siku Mbili za Ng'ambo

Mwanvua binti Yunus aliposhuka kivukoni upande wa Mwanza, viatu mkononi na pindo la gauni limelowa, kipindi cha mchana darasani kilikuwa kimekwisha kuanza. Alikimbia mpaka barabarani, akapata lori la pamba lililomsogeza mpaka karibu na hospitali ya misheni alikokuwa akisomea ukunga. Njia nzima alishika kifua cha gauni lake, pale alipoficha karatasi ya msimamizi wa kivuko.

Kozi yao ilikuwa ya miaka miwili, na sheria yake waliisikia siku ya kwanza kutoka kwa Sista Eugenia, mtawa wa Kihaya aliyekuwa mwalimu wao. Anayetaka kufanya mtihani lazima awe amehudhuria sehemu tisa katika kumi za masomo na zamu za wodini. Chini ya hapo, anarudi darasa la nyuma na kungoja mwaka mzima.

"Ruhusa inakuondolea adhabu," Sista alisema siku ile. "Haikufanyi uwe ulikuwepo. Ukiwa na ruhusa, siku uliyokosa unaweza kuifidia kabla ya mtihani, na utaifidia kwa kazi ileile uliyoikosa, mbele ya mwalimu. Kama ni zamu ya kuzalisha, utazalisha. Usiniletee siku ya kukunja mashuka. Na siku uliyokosa bila ruhusa haifidiwi. Imekwenda."

Mwanvua aliugua malaria mwaka wa kwanza, na zamu zile alizifidia zote. Kisha mwezi huu baba yake, fundi cherehani Sengerema, akashikwa na kiharusi. Alipewa ruhusa ya siku tatu. Siku ya kurudi injini ya kivuko iliharibika, na upepo ukawa mkali hata mitumbwi haikuthubutu kuingia ziwani. Alichelewa siku mbili. Siku mbili hizo hazikuwa na ruhusa, na bila kuzifidia alikuwa chini ya kiwango.

Sista alimpa njia moja. "Niletee uthibitisho wa msimamizi wa kivuko kabla ya Ijumaa jioni, nami nitaziandika kuwa za ruhusa. Baada ya hapo siwezi."

Alhamisi alitoka zamu ya usiku, akawa huru mpaka kipindi cha mchana. Akaona anaweza kwenda na kurudi. Hakuomba ruhusa, maana hakudhani atakosa chochote. Msimamizi alikuwa ng'ambo ya pili, na alipokwisha kuandika, upepo ukaanza tena. Waliporuhusiwa kuvuka, mawimbi yalirusha maji mpaka juu ya mabegi ya abiria. Mama mmoja alikuwa akisali kwa Kisukuma bila kupumzika. Mwanvua hakuogopa kuzama. Aliogopa saa.

Alipofika, wenzake walikuwa wanatoka darasani. Specioza, rafiki yake aliyetoka Bukoba, alimvuta nyuma ya jiko la hospitali.

"Usiwe na wasiwasi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuitikia."

"Umefanya nini?"

"Daktari wa kutufundisha alikuwa anasubiri, Sista akaita majina haraka bila kuinua kichwa. Alipofika kwako nikasema nipo. Umeandikwa."

Wote wawili walijua: anayemwitikia mwenzake anafukuzwa, na aliyeitikiwa akanyamaza anafukuzwa naye. Mwaka uliopita msichana mmoja kutoka Usagara alifunga sanduku lake kwa kosa hilohilo, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza hata mpaka getini.

"Twende kwa Sista," alisema. "Twende sasa hivi, wote wawili."

"Una wazimu? Baba hakutaka nije huku. Nikirudishwa nyumbani, ameshasema mume yuko tayari." Macho ya Specioza yalijaa machozi. "Mwanvua, nimekuokoa. Nyamaza tu. Nani atajua?"

"Darasa zima limesikia sauti yako."

Specioza alikaa chini kwenye kuni, akaficha uso.

Mwanvua alizunguka ua mara kadhaa. Akinyamaza, kila mlango utakaofunguliwa darasani mpaka siku ya mtihani utamshtua. Akisema, atamwangusha mtu aliyemfanyia wema. Kisha akaenda kubisha ofisini kwa Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umeleta karatasi?"

Aliitoa, imelowa pembeni. Sista aliisoma, akachukua kalamu. "Vizuri. Siku mbili hizi sasa zina ruhusa. Utazifidia wodini wakati wa likizo ya Pasaka, wenzako watakapokwenda kwao."

"Sista, leo mchana sikuwepo."

Kalamu ilisimama. "Nimeandika upo."

"Nilikuwa ziwani."

"Nani aliitika?"

Mwanvua aliangalia sakafu. "Siwezi kumtaja, Sista. Sikumtuma. Lakini sitakubali kuandikwa nipo."

"Unajua ninaweza kukufukuza kwa kumficha?"

"Najua."

Kisha mlango ukasukumwa, Specioza akaingia, vumbi la kuni likiwa bado mgongoni.

"Ni mimi, Sista," alisema. "Yeye hakujua."

Sista Eugenia hakugomba. Alifuta neno moja kwenye daftari la mahudhurio, akaandika jingine. Siku ya leo ya Mwanvua, alieleza, ni kukosa bila ruhusa, wala haitafidiwa. Akifidia zile siku mbili, atabaki juu ya kiwango kwa nafasi ndogo sana. Akikosa tena mara moja tu, mtihani utampita. Habari ya Specioza ataipeleka kwa metroni, mkuu wa wauguzi.

"Na somo la leo?" Mwanvua aliuliza. Lilikuwa somo la kondo la nyuma linalokataa kutoka.

"Daktari atalirudia kwa darasa la nyuma. Kaa nao usikilize. Haitaingia kwenye hesabu yako, lakini akina mama wodini hawatakuuliza hesabu."

Siku za kungoja uamuzi zilikuwa mbaya. Specioza hakula. Kila Sista alipopita bwenini wasichana walinyamaza, na Mwanvua alihesabu nyayo zake mpaka zipotee. Wenzao wengine waliacha kumsemesha Mwanvua; walisema amemuuza rafiki.

Mwishowe metroni aliwaita. Kwa sababu Specioza alijitokeza mwenyewe kabla ya kukamatwa, hakufukuzwa. Alirudishwa darasa la nyuma, mwaka mzima.

"Angalau siolewi," alisema walipotoka, lakini hakucheka, wala hakumshika Mwanvua mkono kama zamani.

Pasaka bweni lilikuwa tupu. Mwanvua alifidia zamu yake ya kwanza na mama mmoja aliyetoka Kiseke, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Sista alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Mtoto alitoka akilia vizuri. Kondo halikutoka. Damu ilianza kuja, nyingi kuliko ilivyopaswa, Mwanvua akaweka kiganja juu ya tumbo la mama.

"Unafanya nini?" Sista aliuliza.

"Sivuti kamba ya kitovu, kama daktari alivyofundisha. Naomba daktari aitwe. Namkanda tumbo mpaka likaze."

"Basi fanya. Mimi namtuma mtu kumwita."

Aliendelea kukanda, jasho likimwingia machoni, mpaka tumbo likakaza chini ya kiganja na daktari akaingia akiwa anakunja mikono ya shati. Daktari alilitoa kondo, na mama yule alipona. Sista aliweka sahihi kwenye zamu ile, akamwambia akanawe, kesho kuna nyingine.

Mwanvua alifaulu mtihani mwaka wa uhuru. Specioza alifaulu mwaka uliofuata, akapangiwa kazi kwao Bukoba. Siku ya kuondoka kwake Mwanvua alimsindikiza bandarini na kumbebea sanduku, na meli ilipopiga honi, Specioza alimkumbatia kwa nguvu.